Zamu za Usiku kwa Mama Mkwe

Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza hugeuzwa takriban kila baada ya saa 2, usiku na mchana, asipate vidonda vya kulala. Katika nyumba nyingi kazi hiyo humwangukia mke, huku mume amelala; asubuhi wageni wakija, pole zote anapewa mume. Kinyongo huanzia hapo. Gawaneni usiku: mume amgeuze mama yake hadi saa 8, mke apokee hadi alfajiri. Mawifi na mashemeji nao wapewe siku zao za kuja kulala na mgonjwa, wasiishie kutuma pesa ya dawa. Na mke akianza kujibu kwa mkato, usimwite mkorofi. Muulize lini alilala usiku kucha.