Umeshaamua, Sasa Unaomba Mwongozo wa Nini?

Ujumbe wa kwanza niliuandika saa saba na robo mchana, tarehe 18, siku ya Jumanne, na kama simu isingezima chaji ningekuwa nimeshautuma. Ulisomeka hivi:

"Mama, Mzee, mimi ni mtu mmoja. Asubuhi naambiwa VAT, mchana naambiwa acha kila kitu ulipe madereva. Kwani nyinyi hamuongei? Hii ni mara ya tatu mwezi huu. Kaeni muelewane kisha mniambie, maana nikifanya hili nitagombezwa kwa lile."

Nilikuwa mhasibu msaidizi katika kampuni ya malori Dar es Salaam. Mama alikuwa mkuu wa hesabu. Mzee alikuwa meneja wa usafirishaji, mtu aliyeanza kazi pale kabla sisi wengine hatujamaliza shule ya msingi. Saa tatu asubuhi Mama alinitaka nimalize kulinganisha risiti za manunuzi na daftari kabla hajatoka ofisini, kwa sababu ritani ya VAT hufungwa tarehe 20 ya mwezi unaofuata na yeye hapendi kuigusa siku ya mwisho, mtandao unapoelemewa. Saa sita na nusu Mzee akasimama mlangoni: niache ninachofanya, niandae posho za safari za madereva saba, magari yanatoka jioni kwenda Lubumbashi kupitia Tunduma.

Zilikuwa zimebaki risiti kama 150. Kila moja unatazama kama ni risiti halali ya EFD, kama ina namba ya mlipakodi ya kampuni yetu, kama tarehe na kiasi vinalingana na kilichoandikwa kwenye daftari. Ukienda haraka bila kudanganya, unamaliza 30 kwa saa. Hizo ni saa tano. Posho nayo si kuhesabu noti tu. Unafungua marejesho ya safari iliyopita ya kila dereva, unaangalia risiti za mafuta na malipo ya mipakani, unakata anachodaiwa, unaandika vocha, inasainiwa, ndipo pesa zinatoka. Karibu dakika 25 kwa dereva mmoja, yaani saa tatu kwa wote. Jumla saa nane, na mimi nilikuwa na nne kasoro.

Chuoni tulifundishwa habari za Henri Fayol, mhandisi wa migodi wa Ufaransa, ambaye kwenye kitabu chake cha mwaka 1916 aliweka kanuni kwamba mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkuu mmoja tu. Kwenye mtihani niliijibu vizuri. Na hati yangu ya ajira ilikubaliana naye: ninawajibika kwa mkuu wa hesabu. Kwa hiyo kulikuwa na njia rahisi, nayo ni kunyamaza, kuendelea na risiti, na Mzee akifoka niseme nilikuwa natii bosi wangu. Wafanyakazi wengi hufanya hivyo, na sijui kama wana kosa. Lakini Mama alitoa agizo lake bila kujua kuna malori yanasubiri uani. Kumtii kwa kumficha jambo ambalo lingeweza kumbadilisha mawazo sikuona kama ni utii. Niliona ni kujilinda kwa kutumia jina lake.

Basi nikaandika upya. Hasira ilikuwa imeshuka, woga ukachukua nafasi yake:

"Shikamooni wakubwa zangu. Samahanini sana kwa kuwasumbua, najua mna majukumu mengi. Nilikuwa naomba tu, kama itawapendeza, mniongoze kidogo kuhusu kazi zangu za leo. Nipo tayari kwa lolote. Natanguliza shukrani, na samahani kwa usumbufu wowote utakaojitokeza."

Tumelelewa kuandika hivi na masikioni kwetu unasikika kama ujumbe wa mtoto mwenye adabu. Jaribu kuujibu, sasa. Unaongozwa kuhusu nini? Kazi zipi? Mwisho wake saa ngapi? Mkubwa akiusoma ana mawili: akuite akuhoji, au aandike "sawa, pambana" na aendelee na chakula chake. Ujumbe wa kwanza ulikuwa na matusi ya chini chini, lakini mtu angejua tatizo ni nini. Huu wa pili una heshima yote na hauna tatizo ndani yake. Nikaanza kushuku kwamba heshima ya namna hii haiwalengi wakubwa. Inanilinda mimi: nimeshasema, wasipoelewa shauri yao.

Ule wa tatu ndio niliojivunia. Nilitoa lawama, nikaweka hesabu:

"Habari za mchana Mama, habari za mchana Mzee. Leo nimeelekezwa kukamilisha risiti za VAT na pia kuandaa posho za madereva saba. Risiti zinahitaji muda mrefu na ritani ni keshokutwa. Madereva wapo uani tangu asubuhi, magari yanatakiwa kuondoka leo jioni, na posho zote zinaweza kukamilika ndani ya saa tatu. Naomba mwongozo wenu nianze na ipi."

Nilimwonyesha dada wa dirisha la malipo, ambaye ndiye angetoa zile pesa. Akausoma mara moja na kunirudishia simu. "Umeshaamua," akasema. "Sasa unaomba mwongozo wa nini?"

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Madereva niliwaona kupitia dirishani, wamekaa kwenye kivuli cha tela, mmoja amelala juu ya boksi lililokunjuliwa. Nilitaka walipwe. Kwa hiyo katika ujumbe wangu madereva walikuwa watu waliosubiri tangu asubuhi, na VAT ilikuwa "muda mrefu" tu, bila idadi ya saa, bila neno juu ya faini na riba ritani ikichelewa. Hakuna sentensi hata moja ya uongo mle. Hata hivyo niliweka kidole upande mmoja wa mizani, kisha nikawapa wakubwa waisome kana kwamba imejipima yenyewe. Ombi la mwongozo likiandikwa hivyo ni amri iliyovaa kanzu. Na kama mambo yangeharibika, ningesema wao ndio walioamua.

Nilipoliona hilo, kuliondoa hakukuhitaji ufundi mkubwa. Kila kazi niliipa mambo yale yale matatu, kwa mpangilio ule ule: inahitaji saa ngapi, mwisho wake hasa ni lini, na ikichelewa nani anaumia. Nikaongeza saa ninayohitaji jibu, kwa kuwa swali lisilo na saa hujibiwa jioni.

"Habari za mchana Mama, habari za mchana Mzee. Nina kazi mbili ambazo haziwezi kukamilika zote leo, naomba mwongozo ipi itangulie. Ya kwanza, risiti za VAT: zimebaki kama 150, saa tano. Ritani inafungwa tarehe 20, na ikichelewa kuna faini na riba. Ya pili, posho za madereva saba: saa tatu. Magari yamepangwa kuondoka leo jioni, na yakichelewa madereva na wateja wanasubiri. Nina saa tatu na nusu hadi kufunga ofisi. Nikipata jibu kabla ya saa nane nitaweza kukamilisha moja kwa uhakika. Naendelea na risiti wakati nasubiri."

Sentensi ya mwisho ilinisumbua kidogo, nikaiacha. Mtu anayesubiri jibu lazima awe anafanya kitu, na ni haki waliomuuliza wajue anafanya nini.

Sikuutuma kwenye grupu la kazi, ambako wapo watu kumi na wawili na ungegeuka mashtaka ya hadharani. Sikuutuma pia kwa kila mmoja peke yake. Hilo nilishalifanya mara ya kwanza mwezi ule: kila mmoja akajibu "anza na yangu", na nikabaki na maagizo mawili yaliyothibitishwa kwa maandishi. Niliwatumia wote wawili ujumbe mmoja, kila mmoja akiona kwamba mwenzake ameona.

Mama alijibu kwanza, na hakujibu swali langu. Alimuuliza Mzee: "Yote saba yameshapakia?"

Dakika kumi kimya. Kisha: "Manne. Matatu yanasubiri karatasi bandarini."

Mimi sikulijua hilo. Ningeamua mwenyewe kimya kimya, kwa huruma yangu yote, ningetumia zaidi ya saa moja kuandaa posho za magari yasiyo na mzigo. Mama akaandika niwalipe wanne, kisha nirudi kwenye risiti, na nusu ya risiti nimpelekee yeye. Mgawanyo huo haukuwamo katika ujumbe wangu wowote, kwa sababu mtu wa ngazi yangu hamgawii mkuu wa hesabu kazi. Ritani iliwasilishwa tarehe 20, saa nne asubuhi.

Mzee hakunisalimia siku mbili. Namwelewa. Ujumbe wangu haukumtaja kwa ubaya hata kidogo, lakini ulimfanya akiri mbele ya mwenzake kwamba "magari saba yanatoka leo" ilikuwa na chumvi. Maneno yangu yalimheshimu, matokeo hayakumheshimu, na mpaka leo sijui kama hilo ni deni langu au lake.

Kuna sentensi moja niliyoifuta ambayo bado inanirudia: "Hii ni mara ya tatu mwezi huu." Ilikuwa ukweli, na ndiyo iliyobeba tatizo lenyewe, maana foleni ya siku ile ilikuwa dalili tu. Niliitoa pamoja na hasira kwa sababu zilikuja pamoja. Ningeweza kuiomba nafasi yake wiki iliyofuata, mambo yakiwa yametulia, kwa mazungumzo ya ana kwa ana. Sikufanya hivyo. Mwezi uliofuata ilitokea tena, nikaufungua ujumbe ule ule, nikabadilisha tarehe na idadi.

Na kuna jambo jingine, dogo. Kiswahili kinatupa nafasi ya kumficha mtendaji bila kusema uongo: nimeelekezwa, yamepangwa, inafungwa. Niliutumia mlango huo kwa makusudi ili mtu asijisikie kunyooshewa kidole. Asubuhi ya Jumatano mmoja wa wale madereva watatu waliobaki, mzee aliyekuwa amelala kwenye boksi, alikuja dirishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Jana wenzangu wamelipwa, mimi nimelala uani. Kulikoni?"

Nikamwambia iliamuliwa wanaoanza walipwe kwanza.

"Iliamuliwa na nani?"

Mwenzangu wa dirisha la malipo aliinua macho kutoka kwenye vocha zake, akanitazama, akisubiri kama mimi ninavyosubiri majibu ya wakubwa.