Kuomba Nyongeza Bila Uongo, Kuacha Kazi Bila Kutoroka

Ndugu zangu wa Butembo na Beni, wako kati yetu watu wa makamo ambao kila asubuhi wanaenda kazini kama anayekwenda kulipa deni la mwingine. Mshahara haujasogea kwa miaka, watoto wamefika chuo kikuu, na moyo umechoka. Wengine wao wameanza kusoma vitabu vya kudai mshahara na kubadili kazi, vingi kwa Kifaransa. Wanafanya vema. Lakini nimeona tunachukua kutoka humo kile kinachotupendeza na kuacha kile kinachotutaka tuwe waaminifu.

Chukueni kitabu cha Roger Fisher na William Ury, kilichotoka Marekani mwaka 1981, ambacho kwa Kifaransa kinaitwa Comment réussir une négociation. Fundisho lake kubwa ni hili: nguvu yako mbele ya mwajiri haitoki katika sauti, inatoka katika njia uliyo nayo endapo atakataa. Asiye na njia hiyo haongei, anaomba. Ndiyo maana waandishi hao wanataka utafute njia hiyo kabla ya kuketi mezani, uipime, na uijue thamani yake.

Sisi tumelisikia fundisho hilo vibaya. Badala ya kuitafuta njia, tunaibuni. Mtu anamwambia bosi wake kwamba ameitwa na ONG ya Bunia kwa dola mia nne, na hakuna aliyemwita. Katika mji kama Butembo, ambapo wafanyabiashara wanajuana tangu wazazi wao, bosi anapiga simu mbili na ukweli uko mezani. Siku hiyo unapoteza nyongeza na neno lako pia. Na hata kama hakupiga simu, utarudi kwenye kiti chako ukijua kwamba mkate wa watoto umeutia uongo. Tusijidanganye kwamba huo ni ujanja wa biashara.

Tuchukue mfano wa mtu anayeshika hesabu katika depo ya vifaa vya ujenzi, miaka kumi na miwili sasa, kwa dola 200 kwa mwezi. Desturi yetu ni kuingia ofisini na kulia minerval ya watoto. Bosi, ambaye si mtu mbaya, anatoa avansi ya dola 100. Mfanyakazi anashukuru, anaondoka, na mwezi unaofuata anakatwa. Hakupata nyongeza, alipata deni, na deni hilo ndilo litakalomfunga mdomo mwaka ujao. Avansi nyingi zimeua nyongeza nyingi kuliko ukali wa mabosi.

Njia nyofu ni kuacha shida za nyumbani mlangoni na kuleta kazi yenyewe. Alipoajiriwa aliandika tu kitabu cha kasha. Leo ndiye anayefuatilia karatasi za forodha za mizigo inayoingia Kasindi, ndiye anayehesabu stoki, ndiye anayemfundisha kijana mpya. Aandike mambo hayo kwenye karatasi moja. Kisha aulize kwa wenzake wa depo nyingine, kwa adabu, wanalipwa kiasi gani kwa kazi kama hiyo. Akikuta ni kati ya 240 na 280, aombe 260, aseme kwa nini, halafu anyamaze. Kunyamaza huko ni kugumu kwetu. Tunaanza kujipunguzia wenyewe kabla bosi hajafungua mdomo.

Bosi anaweza kujibu: mshahara ubaki 200, nitakuongezea 40 za transpoti. Pesa ni pesa, lakini mjue tofauti. Sheria ya Kazi ya 2002, katika kifungu cha 7, haiweki pesa ya transpoti wala ya nyumba ndani ya malipo ya kazi. Kwa hiyo kile kinachopigiwa hesabu juu ya malipo hayo, kama michango ya CNSS ambayo pensheni yako inategemea, hakisogei. Mtu wa miaka arobaini na sita hana tena muda mrefu wa kulidharau jambo hilo. Anaweza kuomba angalau nusu iingie kwenye mshahara, na kwa maandishi.

Niseme pia mahali vitabu hivi vinapofikia ukomo. Mwalimu wa shule ya msingi anayelipwa na serikali hawezi kumbana mkurugenzi wake kwa ustadi wa Fisher na Ury, kwa sababu mshahara unapangwa Kinshasa, na prime ya wazazi iliondolewa masomo ya msingi yalipofanywa ya bure mwaka 2019. Kumchukia mkurugenzi kwa kile asichokishika ni dhuluma.

Basi ikiwa mlango umefungwa kweli, ndipo suala la kubadili kazi linaingia. Richard Bolles, aliyeandika kitabu maarufu kinachouliza parashuti yako ni ya rangi gani, naye alifungiwa mlango: alikuwa mchungaji wa kanisa aliyepoteza kazi San Francisco mwaka 1968 bajeti ilipopungua. Herminia Ibarra, katika kitabu chake cha 2003, anaonya kwamba mtu hajui kazi mpya kwa kuiwazia. Anaijua kwa kuijaribu kidogo kidogo akiwa bado na ile ya zamani. Sisi tuliruka. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018, walimu na wauguzi waliacha vituo vyao kwa ajili ya dola za Riposte, na tarehe 25 Juni 2020 janga lilipotangazwa kuisha, kontra nazo ziliisha. Wengine sasa wanaitazama kakao ya Beni vivyo hivyo, kwa kuwa bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani mwaka 2024. Mwaka 2025 ilishuka sana. Anayetaka kuijaribu anunue kwanza mzigo mdogo kwa pesa yake, siku ya mapumziko, aone jinsi kilo 100 za kakao mbichi zinavyobaki 40 au chini ya hapo zikikauka. Asitumie saa za bosi, wala pikipiki ya bosi, wala daftari la wateja wa bosi. Hapo ndipo nia ya mtu hujulikana.

Na siku ya kuondoka ikifika, tusitoroke. Tumezoea kuzima simu Jumatatu na kuonekana Beni Jumatano. Kwa kontra isiyo na mwisho uliopangwa, kifungu cha 64 cha Sheria hiyo ya Kazi kinamtaka mwajiri atoe preavi ya siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka kamili wa utumishi. Mfanyakazi anatoa nusu yake. Kwa mtu wetu wa miaka kumi na miwili, upande wa bosi ni siku 98, upande wake ni 49, karibu miezi miwili. Akiondoka bila kuitimiza, yeye ndiye anayedaiwa fidia. Akiitimiza, anayo haki ya hati inayotaja kazi aliyofanya na tarehe alizoanza na kumaliza.

Ndugu yangu unayepanga kuondoka, andika barua yako ya preavi wiki hii, iweke tarehe, baki na nakala iliyotiwa sahihi, na ukabidhi kasha mbele ya shahidi huku hesabu ikiwa sawa.