Roli Kumi na Moja za Nyaya

Habari fupi ya mtu kukamatwa kwa wizi huwa na maneno 60 hadi 80. Hukaa pembeni mwa ukurasa wa mikoani, chini ya tangazo la msiba au bei za mazao, na msomaji huimaliza kabla chai haijapoa. Nimezihariri kwa miaka mingi, na naamini hakuna habari nyingine gazetini yenye uwezo wa kumdhuru mtu kwa maneno machache namna hiyo. Habari ndefu ina nafasi ya kujieleza na kusikiliza upande wa pili. Habari fupi ina nafasi ya kutaja tu, na swali langu siku zote limekuwa hili: nani ana haki ya kutajwa, na kutajwa kama nani?

Nichukue moja, ya mji mmoja wa mkoani. Taarifa ya polisi ilisema hivi: Jeshi la Polisi limefanikiwa kumkamata mwizi sugu, kijana wa miaka 24, baada ya kuiba roli 11 za nyaya za umeme zenye thamani ya Sh1.1 milioni katika duka la vifaa vya ujenzi alikokuwa akifanya kazi. Roli 6 kati ya hizo zilikutwa zimefichwa uvunguni mwa kitanda nyumbani kwa mama yake, mama lishe wa stendi ya mabasi. Mtuhumiwa amekiri. Taarifa ilitaja majina matatu ya kijana na mtaa wanakoishi. Mwandishi wetu, kijana mwenye bidii, aliileta mezani kwangu karibu kama ilivyokuwa. Alikuwa amebadilisha neno moja tu, "mwizi" likawa "mtuhumiwa", akaona kazi imekwisha.

Kubadilisha neno hilo ni lazima. Sisi tunajua neno "mwizi" linafanya nini likipigwa kelele barabarani, na tunajua kirai ambacho magazeti hutumia kesho yake, "wananchi wenye hasira kali". Lakini tatizo la aya ile halikuwa kwenye nomino. Lilikuwa limejificha kwenye viungo vya sentensi. Tazama "baada ya kuiba". Maneno hayo yanapanga matukio mawili kwa zamu: kwanza aliiba, kisha akakamatwa. Ukimwita mtuhumiwa mwanzoni mwa sentensi kisha ukaandika "baada ya kuiba", umeshamhukumu kabla ya kufika nukta. Vivyo hivyo kwa virejeshi. "Nyaya alizoiba" na "mali iliyoibwa" hufungia tuhuma ndani ya jina la kitu, na msomaji hapati mahali pa kusimama na kuuliza nani amesema ziliibwa. Hata "limefanikiwa kumkamata" linasema zaidi ya linavyoonekana, kwa sababu mafanikio huwa ni ya kumpata aliyetenda. Polisi wanamshikilia mtu. Hilo ndilo tunalolijua, na linatosha.

Nilimwambia mwandishi aketi, tukaipitia aya kwa kuuliza kila sentensi ni ya nani. Roli 11, nani kazihesabu? Akapiga simu. Ilikuwa ni hesabu ya mwenye duka mwenyewe, aliyelinganisha daftari la mauzo na zilizobaki stoo. Thamani ya Sh1.1 milioni, nani kaikadiria? Yeye pia. Na roli 6 zilitambuliwaje kuwa za duka hilo? Ofisa aliyepokea simu alisema ni za aina ileile inayouzwa pale. Nyaya za aina hiyo zinauzwa pia katika maduka mengine ya mji ule. Hiyo haimaanishi kwamba hazikuwa za duka lile. Inamaanisha kwamba kati ya 11 na 6 kuna pengo, na kati ya 6 na duka kuna dhana, na taarifa ya polisi ilikuwa imevifunika vyote viwili kwa maneno "kati ya hizo".

Wapo wahariri wanaodhani dawa ni kunyunyiza "anadaiwa" kila mahali. Mimi neno hilo nalitumia kwa uchache. Ni kitenzi cha kutendwa, na humficha anayedai. Msomaji akiona "anadaiwa" mara tano katika aya moja hulipita kama anavyopita koma. Afadhali mdai aonekane: mwenye duka aliripoti, polisi wanasema, kamanda amesema. Hapo msomaji anaona kwamba kila dai lina mtu nyuma yake, na kwamba mtu huyo anaweza kuwa sahihi au kukosea.

Sentensi ngumu ilikuwa ile fupi kuliko zote: "Mtuhumiwa amekiri." Mwandishi aliipenda, kwa kuwa ilionekana kumaliza ubishi. Lakini hakuwa amemsikia kijana akikiri. Alikuwa amemsikia polisi akisema kijana amekiri. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inakubali maungamo mbele ya polisi iwapo yalitolewa kwa hiari, na inauachia upande wa mashtaka mzigo wa kuthibitisha hiari hiyo. Maelezo ya onyo hupingwa mahakamani mara nyingi, na hakimu hulazimika kwanza kuamua kama yapokelewe. Gazeti likiyachapa siku ya pili baada ya kukamatwa, limeyapokea kabla ya mahakama, na limeyapokea kutoka kwa mtu ambaye halikuweza kumuuliza yuko katika hali gani. Tukaiondoa.

Kisha tukafika kwa mama.

"Lakini mkuu," mwandishi alisema, "mali imekutwa kwake. Tukimwacha, si tunaficha ukweli?"

Ni hoja ya haki, na sikutaka kuijibu kwa huruma peke yake. Huruma inaweza kumfanya mhariri amfiche hata mkubwa aliyetumia cheo chake kumtoa mwanawe mahabusu, na huyo anastahili kutajwa. Kipimo ninachotumia ni kumwondoa ndugu katika habari kisha kuangalia tuhuma imepungukiwa nini. Tukimwondoa mama lishe wa stendi, tuhuma inabaki nzima: duka limeripoti kupungukiwa, kijana anashikiliwa, roli 6 zimepatikana. Kilichopotea ni stendi, kitanda na biashara yake. Polisi hawakumkamata. Hawakusema alijua. Lakini msomaji akiambiwa kwamba nyaya zilikuwa uvunguni mwa kitanda nyumbani kwake, atamaliza mwenyewe hukumu ambayo hakuna aliyeitamka, kwamba mama alipokea mali ya wizi. Gazeti lingekuwa limemshtaki bila kuandika hata neno moja la mashtaka, na yeye asingekuwa na kesi ya kwenda kushinda.

Hapa lugha yetu na mila zetu zinaongeza uzito. Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto. Mwanamke anayeuza ugali stendi hatambuliki kwa jina la kitambulisho. Ni Mama Fulani, na Fulani huyo ndiye tunayetaka kumchapa. Ukiandika jina la kijana, umeandika jina ambalo wateja wanamwitia mama yake kila asubuhi. Na majina matatu ya mtu ni lake, la baba na la babu. Hakuna namna ya kumtaja mtu kikamilifu kwetu bila kuwataja wazee wake, hata kama wamelala makaburini.

Basi kwa nini tutaje jina kabisa? Kwa sababu mahakama ni ya wazi, na mtu anaposomewa shtaka, jina lake ni sehemu ya shauri ambalo umma una haki ya kulifuatilia. Majina kamili na umri pia huwalinda wenye jina moja naye, maana mji mmoja unaweza kuwa na vijana kadhaa wanaochangia majina mawili ya kwanza. Lakini kukamatwa bado si kushtakiwa. Mtu anaweza kuachiwa kesho, jalada likafungwa, na jina lake likabaki kwetu. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(b), inakataza hata aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka hatia ithibitike. Ambaye hajashtakiwa hawezi kuwa na haki pungufu ya huyo. Kwa hiyo meza yetu ilishika utaratibu huu kwa kesi za wizi wa kawaida: jina likija na shtaka, liandikwe, kabla ya hapo, umri na kazi vinatosha.

Aya iliyokwenda mtamboni ilikuwa hii:

Polisi wanamshikilia kijana wa miaka 24 kwa tuhuma za wizi wa nyaya za umeme katika duka la vifaa vya ujenzi alikokuwa akifanya kazi. Kamanda wa Polisi wa Mkoa amesema kijana huyo alikamatwa Jumanne, baada ya mwenye duka kuripoti kupungukiwa na roli 11 anazozikadiria kuwa na thamani ya Sh1.1 milioni. Polisi wanasema wamepata roli 6 wanazodhani ni za duka hilo. Hadi jana jioni hakuwa amefikishwa mahakamani, na gazeti hili halikuweza kuzungumza naye.

Mwenye duka hakuipenda. Alinipigia simu kuuliza kama gazeti liko upande wa wezi. Nilimwelewa. Mtu aliyepoteza mtaji hataki kusikia "anazozikadiria". Nilimwambia kwamba hasara yake imeandikwa kama alivyoisema, roli zote 11, na kwamba tungerudi kuandika mahakama itakachosema. Hakuridhika, na sidhani nilikuwa na haki ya kumtaka aridhike. Habari yenye haki kwa anayetuhumiwa haitamtosheleza mwenye uchungu, na mhariri asijidanganye kwamba inaweza.

Asijidanganye pia kwamba amemficha mtu. Majirani waliliona gari la polisi. Wateja wa duka walijua kabla yetu nani hayupo kaunta. Uangalifu wetu hauzuii maneno ya mtaani. Unazuia jambo moja: yasipewe muhuri wetu na kupelekwa mbali kuliko yangefika yenyewe, hadi kwa mwajiri wa miaka mitano ijayo anayetafuta jina mtandaoni.

Siku ya Ijumaa kijana alisomewa shtaka la wizi akiwa mtumishi, akakana. Tuliandika majina yake matatu, sasa tukamwita mshtakiwa. Mama hakushtakiwa, na hakutajwa. Shtaka lilihusu roli 6, nalo gazeti likasema 6. Kwenye daftari la meza yetu, kila aliyeandikwa kukamatwa ana mstari wake wenye namba ya kesi na tarehe ya kutajwa tena, na mwandishi hupewa kazi ya kwenda siku hiyo. Mistari mingine imesubiri mwaka mzima. Mwandishi aliyeileta aya ile ndiye anayelitunza daftari sasa.