TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: HASIRA HII NI YA NANI?



Ndugu yangu katika imani, itazame nyumba moja saa kumi na moja na nusu jioni. Mama yuko jikoni anakaanga sambusa, moyo wake umetulia. Baba anaingia. Amesimama kwenye daladala njia nzima na kiu imemkausha. Hajamtukana mtu, ila salamu ameitoa nusunusu na mfuko wa tende ameubwaga mezani. Dakika mbili hazijapita, mama anamfokea mtoto kwa sababu ya kijiko kilichoanguka. Mtoto naye anaenda kumsukuma mdogo wake. Ukimuuliza mama amekasirikia nini, atakuambia kijiko. Lakini hasira ile imeingia na baba, mlangoni.

Mwanasaikolojia Elaine Hatfield na wenzake waliliandikia jambo hili kitabu mwaka 1994. Walieleza kwamba tunaiga uso, sauti na mkao wa mtu aliye mbele yetu bila kujijua. Yeye akikunja uso, nasi tunakunja kidogo, kisha moyo unafuata mwili. Ndiyo maana hutambui kwamba umeambukizwa. Unaona ni hasira yako kabisa, halafu unaitafutia sababu iliyo karibu. Hapo ndipo kijiko kinapopata kesi.

Sasa kumbuka mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yaliyopokewa na Bukhari na Muslim: aliyefunga akitukanwa au akitafutwa ugomvi, aseme kwamba amefunga. Wanazuoni wamejadili kama anasema kwa sauti au moyoni. Ukiisema moyoni, unajikumbusha hali yako mwenyewe kabla hujaibeba ya mwenzio.

Basi leo jioni jiulize: kabla hajaingia, nilikuwaje? Na je, amenifanyia mimi kitu? Kama ulikuwa umetulia na hakukufanyia kitu, hasira hiyo si yako. Legeza uso na taya, shusha sauti, ndipo useme. Na wewe unayetoka nje, simama kidogo mlangoni kwanza, kisha toa salamu kamili.

Lakini tusichanganye mambo. Ukidhulumiwa kweli, hasira hiyo ni yako na haki yako ipo. Kufunga hakuifuti, kunakuzuia tu usidai kwa matusi. Na kutulia si kuwa na moyo wa jiwe. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia, akasema macho yanatoka machozi na moyo unahuzunika, ila ulimi hausemi isipokuwa linalomridhisha Mola. Huzuni ya mwenzio ipokee, kaa naye. Ulimi wako ndio usimkabidhi mtu.

Ewe Mola, tulinde tusiwamwagie watoto wetu hasira tulizoziokota njiani. Amin.

Futari njema.