Ng'ombe Mwekundu

Mtu aliyeibiwa ng'ombe akimwambia hakimu, "Ni mwekundu," kisha akaletwa mnyama ambaye Mwingereza humwita brauni, je, amesema uongo? Hasha! Wekundu kwetu hauishi katika damu. Huenea hata udongo wa kichuguu na ngozi ya ng'ombe huyo. Angalieni, wasomaji: majina ya rangi yanayofuata ngeli barabara ni matatu tu, -eupe, -eusi na -ekundu. Mengine twayaazima kwa vitu: manjano ni kiungo cha mchuzi, kijivu ni jivu, na hiyo brauni twaweza kuiita maji ya kunde. Lakini mkalimani akifasiri neno kwa neno, hakimu mgeni atatazamia rangi ya damu, na shahidi mkweli ataonekana mwongo. Heri amwulize kwanza: mwekundu kama nini?