Kuchakaa kwa Tusi: Neno Adimu na Uadilifu wa Mwandishi

UTANGULIZI

Makala haya yanakusudia kulijadili swali moja la kimaadili ambalo uhakiki wa fasihi aghalabu hulipita kando: je, mwandishi anayelitumia tusi zito mahali pasipolistahili humkosea nani? Jibu la haraka ni kwamba humkosea aliyetukanwa. Sisi tunadai kwamba humkosea zaidi mtu ambaye hata hakutajwa. Huyo ni yule aliyedhulumiwa kweli, ambaye siku atakapotaka kumshtaki mdhalimu wake, atalikuta neno alilolihitaji limekwisha makali. Tukilikubali dai hili, basi kuchagua neno adimu si suala la urembo wa mtindo tu bali ni wajibu.

NENO LINAVYOCHAKAA

Tuanze na neno tunalolisikia kila siku, neno ‘mjinga’. Katika miji ya pwani ya Afrika ya Mashariki ya karne ya 19, mjinga hakuwa mtu aliyepungukiwa na akili tu. Alikuwa mgeni, na hasa mtumwa aliyeletwa karibuni kutoka bara, ambaye bado hajaijua lugha, dini wala mavazi ya mji. Juu yake alikuwapo mzalia, yaani mtumwa aliyezaliwa papo hapo pwani, na juu yao wote alikuwapo mwungwana. Kumwita mtu mjinga kulikuwa ni kumwambia kwamba yeye ni wa jana na kwamba hana wa kumdhamini katika mji ule. Tusi lilikuwa na mahali pake katika ngazi iliyojulikana na wote, na ukali wake ulitokana na ngazi hiyo.

Hadhi ya kisheria ya utumwa iliondolewa Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Ngazi ilipoanza kuvunjika, neno halikufa pamoja nayo. Lilirushwa kwa kila mtu. Leo mama humwita mwanawe mjinga na dakika ile ile akampakulia chakula, na marafiki huitana wajinga huku wakicheka. Hatusikitiki kwamba tusi la watumwa limelegea. Ni heri lilegee. Tunachotaka kukionyesha ni jinsi linavyolegea. Neno halichakai kwa sababu ya kutamkwa mara nyingi. Neno ‘maji’ hutamkwa mara nyingi kuliko tusi lolote, wala halijachakaa. Tusi huchakaa kwa kutamkiwa wasiohusika. Kila linapoelekezwa kwa mtu ambaye si kweli kwake, sehemu ya maana yake hudondoka, hadi inabaki hasira ya msemaji peke yake.

Inapobaki hasira peke yake, msemaji hulazimika kuongeza sauti, na sarufi ya Kiswahili humpa njia ya kufanya hivyo. Humtoa mtu katika ngeli ya watu na kumtia katika ngeli ya ukubwa: mwizi akawa jizi, na mpumbavu akawa pumbavu. Hapo mwanzo badiliko hili la kiambishi ni kali mno, kwa kuwa linamvua mtu utu wake kwa silabi moja. Lakini likizoeleka, jizi huhitaji kuwa ‘jizi kubwa’, kisha ‘jizi kubwa kabisa’. Wakenya wengi wanakumbuka jinsi Rais Mwai Kibaki, aliyetawala tangu mwaka 2002 hadi 2013, alivyopenda kuwakemea watu kwa neno ‘pumbavu’. Wanalikumbuka kwa kicheko, na hata kwa mapenzi. Tusi lililokusudiwa kuchoma limegeuka kitambulisho cha mzee aliyelitamka.

FISADI ASIYE NA KOSA MAALUMU

Katika siasa na fasihi ya Kenya ya sasa, neno lililo katika hatari hiyo hiyo ni ‘fisadi’. Kwa maana yake ya zamani, fisadi ni mharibifu, na hasa mtu anayeingia katika nyumba ya mwenziwe ili kuivuruga, kama vile mtongozaji wa wake za watu. Neno hili lilipohamishiwa kwa mwizi wa mali ya umma, lilikuwa istiara yenye nguvu. Lilisema kwamba nchi ni nyumba, kwamba wananchi ni wenye nyumba, na kwamba mtu huyu ameingia kuvunja heshima ya waliomwamini.

Istiara hiyo haisikiki tena. Wapinzani wawili husimama katika majukwaa mawili siku moja, na kila mmoja akamwita mwenzake fisadi. Msikilizaji hujifunza tu kwamba watu hawa hawapatani. Jambo la kutisha ni kwamba fisadi wa kweli hunufaika na hali hii. Anapoitwa kwa jina lake hahitaji kujitetea. Hutosha aseme ‘na wewe pia’. Neno lililoenea kwa wote limekuwa maficho yake.

Hebu tuchukue mfano wa kubuni. Mwandishi anaandika hadithi yenye maafisa watatu wa wilaya moja, na katika rasimu ya kwanza wote watatu anawaita mafisadi. Wa kwanza aliinunua mbolea yote kabla ya mvua, akaifungia ghalani, akaiuza wakulima walipokuwa hawana budi. Wa pili hakugusa hata senti ya serikali, ila alimkutanisha mkandarasi na karani wa zabuni, akapokea chake kwa kazi hiyo. Wa tatu hakupanga wala hakuiba, lakini kila mahali palipokuwa na mgao alijitokeza kwa wakati, akala, akaondoka.

Kiswahili kina neno kwa kila mmoja wao. Wa kwanza ni mlanguzi, maana kosa lake ni kununua rahisi na kuungojea uhaba. Wa pili ni kuwadi. Neno hilo, lililozoeleka kwa yule anayewakutanisha mwanamume na mwanamke kwa siri, linamwambia kwamba unajisi wa mapatano ni wake ingawa mikono yake ni mikavu. Wa tatu ni mdoezi, mtu anayeuvizia wakati wa chakula katika nyumba za watu. Neno ‘mdoezi’ ni jepesi kuliko ‘fisadi’, tena linachekesha, lakini humuumiza afisa huyo zaidi, kwa kuwa linamnyima hata ukubwa wa kuwa mwovu.

Angalia kilichotokea. Mwandishi hakupandisha sauti. Kwa mdoezi hata ameishusha. Lakini kila neno sasa limebeba shtaka lake. Hapa tunapata vipimo viwili ambavyo mhakiki anaweza kuvitumia. Kipimo cha kwanza ni cha kubadilisha: liondoe tusi, uweke jingine zito mahali pake. Ikiwa sentensi haikupungukiwa na kitu, tusi lile lilikuwa kelele. Kipimo cha pili ni cha kukanusha: je, aliyetukanwa anaweza kujibu kwa ushahidi? Aitwaye mlanguzi anaweza kuleta daftari la ghala na kuonyesha alinunua lini, kwa bei gani, na aliuza lini. Akithibitisha kwamba hakungojea uhaba, mwandishi amekosea, na itambidi akiri. Tusi lisiloweza kukanushwa halimwachi mtu nafasi ya kuwa mkweli; wala halimfungi aliyelitoa kwa lolote. Kwa maoni yetu, huu ndio uadilifu wa neno adimu: linamweka hatarini mwenye kulisema pia.

HASIDI NA MWIVU

Ustadi huu si mgeni katika fasihi yetu. Katika Adili na Nduguze, riwaya iliyotoka mwaka 1952, Shaaban Robert aliwapa nduguze Adili majina mawili: Hasidi na Mwivu. Msomaji wa haraka atadhani kwamba majina haya ni kitu kimoja. Lakini mtu anaweza kuwa na wivu kwa sababu tu anakitamani alicho nacho mwenziwe, ilhali hasidi hutaka neema imwondokee mwenziwe hata kama yeye mwenyewe hatapata kitu. Maneno yanayotumiwa ovyo kana kwamba ni sawa, mwandishi ameyatenga na kuyafanya watu wawili. Hakuna jina kati ya hayo lenye ukelele wa ‘shetani’ au ‘mnyama’. Hata hivyo, ndugu hao wanageuzwa manyani, na msomaji anaiona adhabu hiyo ya unyama akiwa ameshajua kosa lao kwa jina.

MIPAKA YA HOJA HII

Ipo mipaka miwili ambayo ni lazima tuikiri. Kwanza, uadimu peke yake si makali. Mwandishi anayefukua kamusini neno ambalo msomaji halijui, na asimpe muktadha wa kulielewa, amerusha jiwe gizani. Neno ‘sabasi’, yaani mchochezi wa ugomvi, litamchoma mhusika ikiwa tu tumeshamwona akipeleka maneno nyumba hii na kuyarudisha nyumba ile. Neno adimu linalofaa ni lile ambalo msomaji akilikuta huhisi kwamba alikuwa akilijua, ila alilisahau.

Pili, neno adimu halibaki adimu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno ‘kupe’ liliingia kwa nguvu katika lugha ya siasa ya Tanzania. Lilikuwa teuzi bora. Kupe hunata ngozini, hunyonya akashiba, akaanguka, na ng'ombe hudhoofika pole pole. Kila mfugaji aliiona picha hiyo. Lakini neno likaenda kwa tajiri, likaenda kwa mwenye duka, kisha hata maskini asiye na kazi mjini akaitwa kupe. Ng'ombe akatoweka katika picha. Hivyo mwandishi hawezi kulirithi tusi kali kutoka kwa waliomtangulia na kulitumia bila kulikagua.

Pengine msomaji atauliza: je, mwenye uchungu naye apekue kamusi kabla ya kulia? La. Tusi la aliyepigwa ni kilio, na kilio hakipimwi kwa vipimo vyetu. Lakini mwandishi ana muda, ana kalamu, na anaweza kufuta.

HITIMISHO

Tumedai kwamba tusi hukata kwa shtaka lililomo ndani yake, na kwamba kulitumia kwa wasiohusika ni kulimwaga shtaka hilo. Mwandishi anayemwita kila mkosaji fisadi humpunguzia fisadi aibu yake. Anayemwita mlanguzi mlanguzi na mdoezi mdoezi hulihifadhi neno ‘fisadi’ kwa siku litakapohitajika, na siku hiyo wananchi walioibiwa watalikuta bado linakata.