Mstari Uliokwenda Pembeni

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, watu 12 tu, ikiuza pembejeo za mifugo mjini Morogoro: chakula cha kuku, dawa za minyoo na chanjo ya kideri. Kijana aliyeajiriwa kutunza ghala alikabidhiwa funguo, daftari la kuandikia joto la jokofu, na karatasi moja yenye chati ya muundo wa kampuni. Akaitazama, akaona cheo cha mkurugenzi juu kabisa na cheo chake chini kabisa, akaibandika ukutani na kuendelea na kazi.

Ijumaa moja saa tisa alasiri umeme ukakatika. Jenereta ikawashwa, ikanguruma kidogo, ikazima. Dizeli ilikuwa imekwisha. Ndani ya jokofu kulikuwa na chupa za chanjo inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Kijana hakuzembea hata kidogo. Alikwenda kwenye karatasi ukutani atafute wa kumwambia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu chati ilikuwa na jibu sahihi naye akasoma jibu jingine.

Juu ya kisanduku chake palikuwa na kisanduku cha Msimamizi wa Ghala, na ndani yake badala ya jina pameandikwa "nafasi wazi". Akahesabu kwamba hana bosi wa karibu. Macho yakapanda juu, yakakuta karibu na mkurugenzi, pembeni kidogo, kisanduku cha Mshauri wa Afya ya Mifugo. Kwa jinsi kilivyokaa juu kuliko mameneja wote, akaamini huyo ndiye mkubwa wa pili. Akapiga simu.

"Shikamoo Dokta. Umeme umekatika na jenereta haina mafuta."

"Marahaba. Usiuze hata chupa moja mpaka tujue joto limefika ngapi. Andika kila baada ya nusu saa."

Kisha akaona mstari wa nukta nukta unaotoka kwenye kisanduku chake kwenda kwa mhasibu. Akampigia naye. Mhasibu akamwambia ahesabu chupa zilizomo na kumpelekea idadi kabla ya kufunga. Akahesabu, akapeleka, akaandika joto kila nusu saa kama alivyoagizwa, akafunga ghala saa kumi na moja na nusu akiamini taarifa imefika kwa wakubwa wawili. Umeme ulirudi usiku. Jumamosi asubuhi kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu kilionyesha nyuzi 19, na daktari akaagiza chanjo yote iteketezwe.

Hakuna kati ya wale wawili aliyekosea. Kila mmoja alijibu kwa kadiri ya nafasi yake, na chati ilikuwa imekwisha kueleza nafasi hizo ni zipi.

Tuanze na mshauri. Ukiufuata mstari wake kwa kidole, unaona hauteremki kwenda kwa mtu yeyote. Unatoka kwenye mstari mkuu ulio kati ya mkurugenzi na mameneja, unakwenda pembeni, unaishia pale pale kwenye kisanduku. Mstari wa namna hiyo ni wa mtu anayemshauri mkuu. Ana neno zito katika fani yake, na daktari alilitumia alipozuia mauzo, lakini hana watu chini yake wala saini ya kutoa fedha. Kukaa kwake juu kwenye karatasi hakuna maana yoyote ya cheo; mchoraji alipata nafasi hapo tu. Chati maarufu ya mwanzo kabisa ya aina hii, iliyochorwa Marekani mwaka 1855 kwa ajili ya Daniel McCallum wa Reli ya New York na Erie, ilichorwa kama mti, na wakurugenzi wakawekwa chini kwenye mizizi. Waliosoma kwa kimo wangewaona wakurugenzi ndio wadogo kuliko wote. Kinachosomwa ni mistari.

Mstari wa nukta nukta nao una kazi yake. Mtunza ghala anampa mhasibu idadi ya mali, na mhasibu anaweza kumwambia zihesabiwe vipi na lini. Hapo ndipo uhusiano wao unapokoma. Likizo yake, adhabu yake, na ruhusa ya kununua barafu au dizeli zinapitia mstari mzima usiokatika. Mtu akiwa na mistari miwili, na wengi katika kampuni ndogo wanayo, lazima ajue ni jambo gani linapita wapi, kwa kuwa yule wa nukta nukta atampokea vizuri na kumjibu vizuri bila kulitatua lililompeleka.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa kwenye kile kisanduku kitupu. Nafasi wazi haikati mstari. Ukikuta hakuna jina, unaendelea kupanda kwa mstari ule ule mpaka ukutane na mtu. Kijana angepanda hatua moja tu angefika kwa Meneja wa Shughuli, ambapo palikuwa na jina, na mbele ya jina neno "Kaimu". Jina lenyewe lilikuwa la yule mama aliyemfahamu kama Meneja wa Mauzo. Lilikuwa mara mbili kwenye karatasi moja, katika visanduku viwili tofauti. Kampuni ndogo huwa hivyo: chati hii ilikuwa na nafasi 14 kwa watu 12, moja wazi na nyingine ikishikwa na mtu mwenye kazi yake nyingine. Kwa hiyo bosi halisi wa mtunza ghala, mwenye saini ya fedha za dharura, alikuwa chumba cha pili akiandaa oda za Jumatatu hadi saa kumi na moja. Fedha za kununua mabonge ya barafu na kujaza madeli mawili zingetoka kwake ndani ya dakika kumi.

Ndiyo maana anayepewa chati mpya afadhali aanzie kwenye kisanduku chake, si kwa mkurugenzi. Apande kwa kidole, na kila jina analokutana nalo alitafute kama limeandikwa kwingine pia. Kisha aangalie tarehe pembeni mwa karatasi, maana kaimu wa Januari anaweza kuwa amekwisha kukabidhi ofisi kufikia Juni.

Kampuni ile ilichora upya. Mstari wa ghala sasa unapita kando ya nafasi iliyo wazi na kufika moja kwa moja kwa kaimu, na chini ya kisanduku cha daktari pameandikwa "ushauri tu". Lakini kuna mambo ambayo mistari haiwezi kuyabeba hata ichorwe vizuri namna gani: haionyeshi kiasi cha fedha ambacho kila mtu anaweza kuidhinisha, wala nani anashika simu kaimu akiwa safarini. Hayo waliyaandika kwenye karatasi ya pili, ikabandikwa mlangoni mwa jokofu. Umeme ukikatika na jenereta isipowaka, mtunza ghala ananunua barafu ya hadi shilingi 50,000 bila kuomba ruhusa, kisha anampigia kaimu. Kaimu asipopokea, anampigia mkurugenzi. Daktari anapigiwa wa tatu, kwa ajili ya kuamua chanjo inafaa au haifai.